Tarehe ya juu ya barua si ushahidi

“Barua ya kusitisha mkataba nimeiandika tarehe 25 Mei. Si inatosha?”

Haitoshi, maana tarehe hiyo umejiandikia mwenyewe. Tuseme uko Kigoma, ofisi iko Dar es Salaam, mkataba unajihuisha 30 Juni na unadai notisi ya siku 30. Barua inapelekwa posta tarehe 29 Mei na kufika 4 Juni. Mkataba ukisema notisi huhesabiwa tangu kupokelewa, umechelewa. Ukisema tangu kutumwa, uko salama, ila uthibitishe hiyo 29.

Stempu ya kawaida haikupi karatasi yoyote mkononi. Tuma kwa rejista, kisha kabla hujaondoka dirishani soma risiti: muhuri wa tarehe unasomeka? Namba ipo? Muhuri uliofifia omba ugongwe tena. Risiti nayo inaonyesha bahasha ilitumwa, haisemi ndani kulikuwa na nini. Kwa hiyo toa kopi ya barua iliyosainiwa, na namba ya rejista iandikwe ndani ya barua ikiwezekana.

Ukipeleka kwa mkono, beba nakala mbili. Yako igongwe muhuri wa kupokelewa, tarehe, jina na saini. “Tumeipokea, mama” ya mdomo haihesabiki.