Wasifu wa Mpemba aliye ughaibuni: mabano ya nini?

"Kwetu Wete, naishi Leeds. Naandika wasifu wangu kwa Kiingereza. Je, ni lazima kila neno la Kiswahili nilitafsiri kwenye mabano, wageni wasipotee?"

Hapana. Mabano humkatiza msomaji, na tafsiri yenyewe mara nyingi hupotosha. Chukua neno baraza. Kamusi itakupa halmashauri, nawe ulikusudia kile kikalio cha mawe kilichoshikana na ukuta wa mbele wa nyumba. Liache neno, sentensi ilieleze: babu alikaa barazani baada ya Alasiri, mgongo ukutani, kikombe cha kahawa mkononi, akiwasalimu wapita njia. Mwingereza ameshaelewa, na Mpemba mwenzio hakusomeshwa kwao.

Ujaribu hivi: lifunike neno kwa kidole. Maneno yaliyobaki yakionyesha kitu cha kukalia, yanatosha. Lakini "tulitoa makonyo" haionyeshi kitu. Andika kwamba mlikaa jamvini usiku mkichambua karafuu mbichi, karafuu huku, vijiti vyake, ndiyo makonyo, kule, ndipo asubuhi mkaanika.

Wali au shule yaandike kwa Kiingereza tu. Chuoni, kule mlikosomea Kurani, libakize: ukiliita shule, mbao za kuandikia na Kurani vimepotea, na hilo mimi hunisikitisha sana.