Zege kumeguka hadi nondo kuonekana: ukarabati wake una maana gani

Zege likimeguka mpaka nondo ikaonekana, ugonjwa haukuanzia kwenye zege, ulianzia kwenye nondo. Chuma kikishika kutu huvimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Uvimbe huo husukuma zege hadi lipasuke na kudondoka. Nyumba za ufukweni, iwe Mombasa au Mtwara, hupatwa mapema, maana chumvi ya bahari hupenya zege na kuifikia nondo.

Kwa hiyo kupiga plasta juu ya kidonda ni kuficha kutu inayoendelea kula. Tuseme ni upande wa chini wa slabu ya varanda, wenye nondo za milimita 12. Weka kwanza nguzo za muda, kisha gonga slabu kwa nyundo na uweke alama popote panapolia kitupu. Kata ukingo kwa grainda, wima, kina cha milimita 10 hivi, bila kugusa nondo. Kiraka chenye ukingo mwembamba hubanduka.

Sasa chonga kwa tindo mpaka nyuma ya nondo kubaki nafasi ya milimita 20 hivi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: fundi husafisha upande anaouona, na kutu ya mgongoni inakisukuma kiraka baada ya muda. Fuata nondo mpaka ufike kwenye chuma kisicho na kutu.

Isugue kwa brashi ya waya pande zote, au kwa kupuliza mchanga, ambako ni bora zaidi. Osha chumvi kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, kausha, kisha pima. Nondo ya 12 iliyobaki 10 inaonekana kupungua kidogo tu, kumbe imepoteza karibu asilimia 31 ya chuma chake. Hiyo huongezewa nondo mpya, ilale sambamba na chuma kizima angalau milimita 500 kila upande. Urefu kamili aupange mhandisi.

Paka nondo rangi ya kinga, ya zinki au ya saruji, siku hiyohiyo kabla kutu haijarudi. Dawa ya kugeuza kutu haichukui nafasi ya kusugua.

Lowesha zege lishibe maji, lakini uso using'ae maji. Sugua tabaka jembamba la mota ya kukarabati, ile ya mifuko iliyochanganywa na polima, kisha jaza kabla halijakauka, ukiishindilia mota nyuma ya nondo kwa matabaka ya unene ulioandikwa kwenye mfuko. Ifunike na uiloweshe siku saba.

Baada ya miaka michache gonga tena pembeni ya kiraka. Chumvi iliyobaki kwenye zege la zamani huweza kuhamishia kutu hapo, hata kama kiraka chenyewe bado kimeshika.