VVU kinavyogeuza RNA yake kuwa DNA na kujichomeka kwenye yetu

Juzi dada mmoja kaniuliza, wingi wa virusi wangu hausomeki mwaka wa tatu sasa, kwa nini bado nameza dawa? Mi mtu wa maabara, ushauri nawaachia wa kliniki, ila jibu la hili liko ndani ya seli kabisa.

VVU kinaingia na RNA, herufi kama 9,200 hivi, wakati seli zetu zinatunza maandishi yake kwa DNA. Kwa hiyo kinakuja na kimeng'enya chake cha kugeuza, rivesi transkriptesi, sisi tunakiita RT tu. Shida ya RT haiwezi kuanza kuandika hewani, inataka pa kushikia, kama msusi asiyeweza kuunga rasta bila nywele. Kipande inachoshikia ni tRNA ya binadamu, ile ya kubebea laisini wakati protini zinatengenezwa, kirusi kiliichukua kwenye seli kilikozaliwa kikatoka nayo! Inajibandika kwa herufi 18 tu.

Sasa cheki inapojibandika: karibu na mwanzo wa RNA, halafu RT inasoma kuelekea hukohuko mwanzoni, kwa hiyo ikiandika herufi kama 180 njia imeisha. Ungesema imekwama. Kumbe RT ina mkasi pia, inakatakata RNA iliyokwisha kunakiliwa, DNA changa inabaki wazi, na kwa vile herufi za mwanzo zimerudiwa kule mwisho wa RNA, inaruka inajibandika huko na kazi inaendelea mpaka uzi wa kwanza uishe, kisha wa pili nao una mruko wake. Matofali yote ya kujengea DNA hiyo ni ya seli yetu. T na L kwenye TLD, kile kidonge cha ARV chenye dawa tatu, ni matofali feki, RT ikishaweka moja halina pa kuungia linalofuata, mnyororo unaishia hapo.

Ikimaliza, kimeng'enya kingine, integresi, kinapunguza herufi 2 kila ncha, kinakata DNA yetu kwenye kiini na kuichomeka hiyo ya kirusi. Mipasuko ya pembeni kinatuachia, na seli yenyewe ndo inaiziba, yaani tunamalizia kazi ya mwizi. D ya TLD inazuia hapa.

Ila ikishachomekwa hakuna dawa kwenye TLD inayoichomoa. Chembe ya kinga ya CD4 ikilala, DNA ya kirusi inalala nayo, hata miaka; ikiamshwa kupambana na ugonjwa, mashine yake ya kusoma jeni inasoma na za kirusi, RNA mpya zinatoka. Na kipimo cha wingi wa virusi kinahesabu RNA iliyoko kwenye damu, hiyo DNA iliyojificha kwenye kiini hakiioni. Ndo maana nikamwambia dada, hausomeki kwa sababu unameza, ukiacha mara nyingi ni wiki chache tu kipimo kinaanza kuvisoma tena.