Cheti kimefutwa, kivinjari bado kinakikubali: dhana potofu na ukweli

Tuchukue nyumba ya wageni ya Paje yenye tovuti ya kuwekea nafasi na kulipia vyumba. Mtu kaondoka na nakala ya ufunguo wa siri wa seva. Mwenye tovuti akaiomba mamlaka iliyotoa cheti ikifute, nayo ikakifuta siku ile ile.

Dhana: Cheti kikishafutwa hakifanyi kazi tena.

Cheti ni faili la kuthibitisha kwamba tovuti ni yenyewe, lenye saini na tarehe ya mwisho. Kukifuta hakubadilishi chochote ndani ya faili hilo: saini bado ni sahihi, tarehe haijafika. Kilichobadilika ni kumbukumbu zilizoko kwa mamlaka. Aliyeiba ufunguo anaweza kuweka tovuti bandia kwenye waifai ya hoteli ya jirani, akawaelekeza wageni kwake, na kufuli la kivinjari likaonekana kama kawaida. Kinachoweza kumzuia ni kivinjari kujua kwamba cheti kimefutwa.

Dhana: Kivinjari huuliza kwanza, na kisipopata jibu hukataa.

Njia ya kuuliza ipo, inaitwa OCSP: kivinjari kinaituma namba ya cheti kwa mamlaka, nayo inajibu kwamba ni kizima au kimefutwa. Taabu iko pale jibu lisipofika. Vivinjari vilivyotumia njia hii, kwa kawaida, viliendelea kufungua tovuti, na sababu yake inaeleweka. Waifai nyingi za hoteli hazimruhusu mgeni kufika popote kabla hajaingiza namba ya siri, na seva ya mamlaka nayo inaweza kuzimika. Kukataa kila mara kungefunga tovuti zisizo na kosa lolote. Lakini mwizi wetu ndiye anayeshika njia ya mtandao, basi anazuia swali lile tu na kazi yake inaendelea. Ulinzi huu unafanya kazi pale tu ambapo hakuna anayekushambulia.

Chrome iliacha kuuliza hivyo mwaka 2012. Inategemea orodha yake inayobeba sehemu tu ya vyeti vilivyofutwa. Firefox ya kompyuta, tangu 2025, inapakua orodha pana iliyobanwa, iitwayo CRLite, na kuangalia humo humo kwenye mashine. Kwa hiyo cheti kile kile cha Paje kinaweza kukataliwa na kivinjari kimoja na kukubaliwa na kingine.

Dhana: Kubandika jibu kunamaliza tatizo.

Hapa seva ya tovuti yenyewe ndiyo inayoiuliza mamlaka, inaweka jibu lenye saini na tarehe, na kumkabidhi mgeni pamoja na cheti wakati wa kuunganishwa. Faida ni za kweli: mgeni hana safari ya pili, na mamlaka haipati habari ya nani anafungua tovuti gani. Seva haiwezi kughushi jibu. Kwenye nginx, programu ya seva za tovuti:

```
ssl_stapling on;
ssl_stapling_verify on;
ssl_trusted_certificate /etc/ssl/mnyororo.pem;
resolver 1.1.1.1;
```

Bila `resolver`, nginx inaweza kushindwa kuipata anwani ya mamlaka. Kisha pima, mara mbili, maana nginx ikishawashwa upya muunganisho wa kwanza mara nyingi hutoka bila jibu:

```
openssl s_client -connect tovuti.example:443 -status </dev/null
```

Ukiona `Cert Status: good`, limebandikwa. `no response sent` maana yake halikubandikwa.

Ila mwizi hatabandika kitu, na kivinjari kitamkubali. Au atabandika jibu zuri la kabla ya kufutwa, linalodumu siku kadhaa, hadi kumi. Alama ya kulazimisha kubandika inaweza kuandikwa ndani ya cheti; Firefox iliiheshimu, Chrome haikuwahi.

Dhana: Kila cheti kinaweza kubandikiwa jibu.

Mamlaka ya Let's Encrypt iliondoa anwani ya OCSP kwenye vyeti vipya Mei 2025, ikafunga huduma hiyo Agosti 6 mwaka huo. Angalia chako:

```
openssl x509 -in cheti.pem -noout -ocsp_uri
```

Ikitoka tupu, zima `ssl_stapling`. Nginx ingekuandikia tu onyo kwamba imepuuzwa.

Kwa nyumba ya Paje, hatua ya kwanza ni cheti kipya chenye ufunguo mpya. Hakikisha certbot, programu ya kuomba vyeti, haijapangiwa `--reuse-key`, la sivyo cheti kipya kitakaa juu ya ufunguo ule ule ulioibwa. Cha zamani kifutwe kwa sababu `keycompromise`, kwani ndiyo sababu ambayo Chrome huipa uzito kwenye orodha yake. Kinachobaki ni umri wa cheti: kikiwa na siku tano zilizosalia, mwizi anazo tano, zikiwa themanini, na mgeni anatumia kivinjari kisichojua, anazo themanini.