Mnaionea kache: kwa nini programu inafunguka na kujifunga papo hapo

"Kaka, nimefuta kache mara nne, bado inajitoa." Ujumbe huo niliupata juzi usiku, na kilichoniudhi ni hizo mara nne. Kache ni folda ya faili za muda ambazo programu hujiwekea; ukiifuta mara ya kwanza inabaki tupu. Mara ya pili unafuta nini? Hewa?

Mimi kazi yangu ni kutengeneza programu za Android na kuzifuatilia zikikrashi kwenye simu za watu. Ushauri wa "futa kache kwanza" nimeusikia kiasi kwamba sasa nikiusikia tu nageuka mkali. Si kwamba ni uongo. Kuna siku unasaidia kweli, na nitaieleza siku hiyo. Ila watu wengi wanadhani kache ni kama uchafu kwenye bomba: ukijaa, programu inaziba na kufa. Kache haiui programu kwa kujaa. Nafasi ya simu ikipungua, mfumo wenyewe una ruhusa ya kuifuta bila kukuuliza, na programu iliyoandikwa vizuri inapaswa kuamka ikute kache haipo na iendelee na kazi zake.

Kujifunga papo hapo maana yake ni hii: msimbo umekutana na jambo ambalo mwandishi wake hakulitarajia, hakuna aliyelidaka, na mfumo ukaiua programu. Basi. Swali la maana ni jambo hilo limetoka wapi. Kwenye faili zilizomo ndani ya simu yako, kwenye msimbo wenyewe, au kwa seva?

Turudi kwa ndugu yangu wa mara nne. Programu yenyewe ni daftari la kuandikia kumbukumbu, ambalo naye analitumia kila siku. Alilisasisha jioni, akaligusa, skrini ikamulika mara moja, likatoweka. Nikamwomba aiunganishe simu na kompyuta kwa waya, awashe utatuzi wa USB, aandike kwenye kompyuta amri hii ya kuonyesha logi, yaani taarifa ya programu zilizoanguka, kisha alifungue daftari:

```
adb logcat -b crash
```

Yaliyotoka ni haya, jina la programu nimelibadilisha:

```
FATAL EXCEPTION: main
Process: com.mfano.daftari, PID: 8123
java.lang.RuntimeException: Unable to create application
Caused by: java.lang.ClassCastException:
  java.lang.String cannot be cast to java.lang.Integer
  at android.app.SharedPreferencesImpl.getInt
```

Logi ya namna hii inasomwa kuanzia kwenye `Caused by`. Hapo inasema: nimeomba namba, nimepewa maandishi. Na `getInt` ya `SharedPreferencesImpl` inakwambia ombi lilipelekwa wapi: kwenye faili la mipangilio ya mtumiaji. Nikaomba kuona msimbo. Toleo la zamani lilikuwa na orodha ya kuchagua ukubwa wa herufi, ile `ListPreference`, ambayo huhifadhi chaguo lako kama maandishi hata kama unachokiona ni namba. Toleo jipya likaweka kitelezi, `SeekBarPreference`, ambacho huhifadhi namba halisi. Jina la kipengele likabaki lilelile. Kwa hiyo ndani ya simu ya ndugu yangu kulikuwa na mstari huu:

```
<string name="ukubwa_herufi">22</string>
```

na programu mpya ikiamka inauliza hivi:

```
int ukubwa = prefs.getInt("ukubwa_herufi", 16);
```

Ile 16 ni thamani ya akiba, inatumika tu kama kipengele hakipo kabisa. Kikiwepo kwa aina nyingine, haitumiki, programu inaanguka. Na kwa kuwa mstari huo ulikuwa unasomwa wakati programu yenyewe inaundwa, kabla ya skrini yoyote kuchorwa, alichokiona mwenye simu ni mmuliko tu. Waliotengeneza hawakuona kitu, kwa sababu simu zao za majaribio zilikuwa zimesakinishwa upya na hazikuwa na mpangilio wa zamani. Mtumiaji mpya naye haoni kitu. Anayeumia ni mteja mwaminifu, tena yule tu aliyewahi kubadilisha ukubwa wa herufi.

Sasa tazama kache inaingia wapi. Kila programu ya Android ina folda yake ndani ya `/data/data/`, na humo mna vyumba: `cache`, `files`, `databases`, `shared_prefs`. Kitufe cha kufuta kache kinasafisha `cache` na ndugu yake `code_cache`. Mstari wetu mbaya umekaa ndani ya `shared_prefs`. Ungefuta kache mara nne au mara mia, mstari uko palepale unakuangalia.

"Basi nimeiondoa na kuisakinisha upya," akaniandikia. "Bado."

Hapa ndipo hata mafundi wenzangu wanapokwama, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Wengi wanaamini kusakinisha upya ni dawa kali kuliko kufuta data. Wanavipanga kama ngazi: kwanza kache, ikishindikana data, ikishindikana kabisa ondoa na usakinishe upya. Ngazi hiyo ina kasoro. Tangu Android 6.0 kuna nakala rudufu ya kiotomatiki: programu isipokataa, faili zake, hifadhidata zake na mipangilio yake hupelekwa kwenye akaunti yako ya Google, hadi MB 25 kwa programu, kwa kawaida simu ikiwa imetulia na ina Wi-Fi. Kache haichukuliwi. Ukiiondoa programu na kuisakinisha tena, nakala hiyo inarudishwa kabla hata hujaigusa mara ya kwanza. Umefukuza mgonjwa mlangoni, ugonjwa umerudi kwa dirisha.

Kufuta data hakufanyi hivyo. Kunasafisha vyumba vyote vya programu, na nakala hairudishwi, kwa kuwa urejeshaji hufanyika wakati wa kusakinisha. Ndiyo maana kuna siku kufuta data kunaponya mahali ambapo kusakinisha upya kumeshindwa. Nilipoligundua hili kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshawaambia watu wasiohesabika "sakinisha upya", na nilijisikia kama daktari aliyekuwa akitoa maji ya sukari.

Lakini kabla hujakimbilia kufuta data: hicho ndicho kitufe cha hatari. Kumbukumbu ambazo hazijapanda kwenye seva zinakufa nazo, na hakuna wa kuzirudisha. Ndugu yangu nilimuuliza kwanza kama daftari lake linasawazishwa. Lilikuwa linasawazishwa. Lisingekuwa, ningemwambia asubiri sasisho, hata kama angenuna wiki nzima.

Je, kusakinisha upya kunaponya lini? Pale ambapo kilichoharibika ni programu yenyewe, si data. Mfano ninaokutana nao sana ni mtu aliyetumiwa faili la APK na rafiki. Programu nyingi leo husambazwa vipandevipande: kipande cha msingi, kipande cha skrini yako, kipande cha prosesa yako. Rafiki akikutumia kile cha msingi peke yake, programu inafunguka, inatafuta maktaba yake ya msimbo, haioni, inakufa. Kwenye logi utaona `UnsatisfiedLinkError` au malalamiko ya rasilimali isiyopatikana. Iondoe, ichukue dukani, kwisha.

Na kache? Siku yake ni hii. Programu za habari na za mitandao ya kijamii hupenda kuhifadhi ukurasa wa mwisho kwenye kache ili ukifungua uone kitu kabla mtandao haujajibu. Ikiwa simu ilizimika faili likiwa linaandikwa, linabaki nusu: mabano yamefunguliwa, hayajafungwa. Kesho yake programu inalisoma, inashindwa kulielewa, na kama mwandishi hakujikinga, inaanguka kila ukiifungua. Ukifuta kache hapo, inaamka kama haikuwa na kitu. Tiba ni halali kabisa. Kosa ni la mwandishi, aliyepaswa kuandika faili la muda kisha alibadilishe jina likishakamilika.

Kuna na siku nyingine ambayo kache inasifiwa bure: simu iliyojaa. Programu inataka kuandika kwenye hifadhidata yake, haina nafasi, inapata `SQLiteFullException` na kufa. Unafuta kache, nafasi inapatikana, programu inafunguka. Ungefuta video tatu za harusi matokeo yangekuwa yaleyale.

Na nikiri jambo. Mara kadhaa nimemwambia mtu afute kache, programu ikapona, nami nikanyamaza nikijua huenda haikuwa kache. Huenda seva ilikuwa inatuma jibu bovu na wenyewe wamelirekebisha dakika hizohizo. Bila logi ya kabla na baada, hakuna wa kukuthibitishia. Mgonjwa kapona, daktari kapokea sifa.

Kwa hiyo siku hizi naanza na majaribio mawili yasiyofuta chochote. Zima mtandao wote kisha ifungue programu. Ikikaa wazi, hata kama inalalamika haina mtandao, tatizo linaelekea kwa jibu la seva na hakuna kitufe chako kitakachosaidia. Tarehe 10 Julai 2020 programu kubwa kwenye aifoni, Spotify na Pinterest zikiwemo, zilikuwa zikijifunga zikifunguliwa kwa sababu ya badiliko upande wa seva za Facebook, ambayo maktaba yake ilikuwa ndani ya programu hizo. Kusakinisha upya kulikuwa kupoteza bando.

Jaribio la pili: je, ni programu moja au kadhaa zimeanza kwa pamoja? Zikiwa kadhaa, acha kuzisumbua moja moja. Machi 2021 sasisho la Android System WebView, sehemu ya Android inayoonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu, liliangusha programu kibao, Gmail ikiwemo, na kilichoziponya ni kusasisha WebView na Chrome. Waliofuta data za Gmail walijipatia kazi ya kusawazisha upya tu.

Ndugu yangu alifuta data saa tano usiku. Daftari likafunguka, akaingia kwa nywila yake, kumbukumbu zote zikashuka. Kwenye toleo lililofuata wenyewe walibadilisha jina la kipengele na kuweka ulinzi, mistari miwili mitatu hivi. Lakini usiku uleule, daftari lilipofunguka, nikadhani tumemaliza. Baada ya dakika kumi simu ikalia tena.

"Kaka, mbona herufi zimekuwa ndogo? Nifute kache?"