Kung'arisha grauti: soda inafanya nini, peroksaidi inafanya nini

Grauti ni ule uji wa simenti, mchanga laini na rangi ambao fundi huusukuma kwenye nafasi kati ya marumaru, ukikauka unakuwa mstari. Marumaru juu ina ngozi kama ya kioo, haifyonzi kitu. Mstari unafyonza, kwa sababu ni simenti yenye vitundu, tena umekaa chini kidogo ya uso wa marumaru. Ukipiga deki, maji machafu yanateremkia humo na kutulia, yakikauka yanaacha mzigo wao. Ndiyo maana sakafu ya jikoni inaweza kudekiwa kila siku na mistari ikazidi kuwa myeusi.

Mtu akisema anataka kung'arisha grauti, huwa naanza kwa kumwuliza anamaanisha nini. Kuna kutoa uchafu uliolala juu, kuna kuua rangi ya doa lililokwisha kuingia ndani, na kuna kupaka mstari rangi mpya. Bekingi soda na peroksaidi zinafanya kazi ya kwanza kwa kiasi na ya pili vizuri. Ya tatu haziwezi. Kama fundi aliweka grauti ya kijivu, utasugua mpaka Krismasi na itabaki kijivu safi.

Soda ni unga wenye chembechembe laini, unakwangua bila kuchuna marumaru, na una ualkali kidogo. Peroksaidi, H2O2, ni kama maji yaliyoongezewa oksijeni moja, na hiyo ya ziada haitulii. Inatoka na kushambulia vitu vyenye rangi: chai, manjano ya kupikia, ukungu mweusi wa pembeni mwa sinki. Doa linaweza kuwa bado lipo, ila limepoteza rangi, na jicho halilioni tena. Ualkali wa soda unaiharakisha, na kinachobaki mwisho ni maji na hewa. Mafuta ndiyo yanayowashinda wote wawili. Peroksaidi ikimwagwa juu ya utando wa mafuta ya kukaangia inatoa povu zuri la kutazama, kisha inaishia hapohapo.

Hilo ndilo lililomkuta mama mmoja, mpangaji wa Tabata, aliyeniita nimbadilishie grauti yote. Jiko lake lina mita 2.4 kwa 3.2, marumaru za sentimita 40, na kulikuwa na njia nyeusi kutoka mlangoni hadi kwenye jiko la gesi. Alikwisha jaribu soda na peroksaidi mara mbili.

"Fundi, ilichemka kama soda ya chupa, halafu nikafuta, weusi uko vilevile."

Nikamwambia, "Mama, tusogeze friji kwanza." Chini ya friji, mahali ambapo mguu haukanyagi wala samaki hakaangwi, mstari ulikuwa na rangi ya maziwa. Hiyo ndiyo rangi yake ya kuzaliwa, na ndiyo ahadi pekee niliyoweza kumpa. Kisha nikapitisha ukucha kwenye mstari wa karibu na gesi. Ulitoka utando mweusi unaonata, kama ule wa chini ya kikaangio. Grauti haikuwa na haja ya kubadilishwa.

Tukaanza na maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo, brashi ngumu ya plastiki, mara mbili, kila mara tukiyafuta maji kwa kitambaa badala ya kuyaacha yarudi mistarini. Brashi ya waya usiiguse, inachimba grauti na kuacha alama za chuma juu ya marumaru. Baada ya kuosha tu, nusu ya weusi ilikuwa imeondoka, na dawa yenyewe ilikuwa bado haijafunguliwa.

Peroksaidi nunua duka la dawa, na usome asilimia kwenye chupa. Inayofaa ni ya 3. Ukikuta imeandikwa voliyumu 20, hiyo ni kama asilimia 6, izimue kwa maji kiasi hichohicho. Hata hiyo ya 3 vaa glavu, na usiache tone lirukie jicho. Kama chupa imekaa kabatini muda mrefu, dondoshea tone juu ya kipande cha kiazi mviringo kibichi: isipotoa povu, imeshakuwa maji. Upande wa soda, angalia usipewe magadi ya kupikia makande, yana uchafu wake na ualkali mkali zaidi. Bekingi poda nayo siyo, imechanganywa na asidi na wanga.

Kipimo changu ni nusu kikombe cha soda kwa robo kikombe cha peroksaidi, upate uji mzito kama dawa ya meno. Mistari ya jiko lile, ukiiunganisha yote, inafika karibu mita 33, na mchanganyiko mmoja ulitosha mita sita au saba. Kwa hiyo tulichanganya mara tano. Usichanganye yote kwa pamoja, maana nguvu inapotea ukiwa bado uko kona ya kwanza. Wala usiweke kwenye chupa ukafunga kifuniko: hewa inazidi kutoka na chupa inaweza kupasuka.

Tulipaka, tukaacha dakika 15, tukasugua kwa mswaki wa zamani kufuata mstari, tukafuta, tukasuuza kwa maji safi mara mbili. Suuza ya pili ndiyo watu wanaoiruka. Soda iliyobaki ikikauka inaacha unga mweupe, unadhani umefanikiwa, kumbe ukipitisha kidole chenye maji mstari unarudi kahawia. Kinyume chake pia kinadanganya: grauti mbichi huonekana nyeusi kuliko ilivyo, na kwa unyevu wa Dar jiko lisilo na dirisha kubwa linaweza kuchukua siku nzima kukauka. Usihukumu jioni ileile.

Mama alitaka tuongeze siki "ili ichemke zaidi". Nikamkatalia. Siki inaiua soda, inakula simenti, na ikikutana na peroksaidi inazaa asidi nyingine inayowasha macho na kifua. Jiki nayo ikae mbali, usiichanganye na peroksaidi kabisa. Na ile asidi ya kusafishia vyoo, ambayo baadhi ya mafundi wenzangu huimwaga sakafuni wakimaliza ujenzi, inang'arisha kweli, kwa sababu inayeyusha sehemu ya juu ya grauti. Miezi michache baadaye mstari unakuwa wa mchangamchanga na kunywa uchafu kuliko mwanzo.

Kesho yake alinitumia picha. Njia nyeusi ilikuwa imepotea, mistari ikikaribia ile ya chini ya friji, isipokuwa pale mtungi wa gesi ulipokuwa umesimama. Pale pana nusu duara la kutu, na peroksaidi haitoi kutu, kwa sababu chuma kilichokwisha shika oksijeni hakisumbuliwi na oksijeni nyingine. Vivyo hivyo ukoko mweupe wa maji ya kisima yenye chumvi. Kwa sehemu kama hiyo nakwangua milimita mbili au tatu na kujaza grauti mpya, kazi ya kama mita moja tu badala ya 33 alizotaka kunilipia. Nimempa siku ya Jumamosi, na mtungi nimemwambia aukalishe juu ya kibao.