Namba ya miwani si namba ya lenzi: maswali ya kila siku kliniki ya macho Mwanza

Daktari, miwani yangu ni -7.00. Niagize lenzi za -7.00?

Hapana. Miwani inakaa mbali kidogo na jicho, kwa wengi kama milimita 12 mbele ya konea, yaani ile sehemu angavu ya mbele inayofunika rangi ya jicho. Lenzi inakaa juu ya konea yenyewe. Kioo cha mtu asiyeona mbali kikisogezwa karibu na jicho, nguvu yake kwa jicho hilo inazidi, kwa hiyo ni lazima ipunguzwe. Hesabu yenyewe ni fupi: unazidisha 7 kwa 0.012, unajumlisha 1, unapata 1.084. Kisha 7 gawanya kwa 1.084 unapata kama 6.46. Lenzi ya kuanzia kumjaribishia mtu huyo ni -6.50.

Kwa mwenye namba za kujumlisha mambo yanageuka, maana yeye anaongezewa. Mwenye -2.00 anabaki na -2.00 yake, tofauti ni ndogo mno. Kuanzia 4 kwenda juu ndipo inapoanza kuonekana. Ukivaa -7.00 kamili utaona mbali vizuri sana na utafurahi, lakini jioni baada ya kusahihisha madaftari kichwa kitakugonga, kwa sababu jicho limekazana kutwa nzima kupambana na nguvu iliyozidi.

Sawa, nimeshajua ni -6.50. Sasa naweza kununua dukani popote?

Hapana tena. Hiyo ni PWR peke yake, nguvu ya kuonea. Geuza kasha la lenzi uone: pembeni kuna BC na kuna DIA. Hizo mbili hazisemi unaonaje. Zinasema lenzi ina umbo gani, na umbo la jicho lako hakuna anayelijua mpaka alipime.

BC na DIA ni nini hasa?

BC ni mbinuko wa upande wa ndani wa lenzi, ule unaogusa jicho, na huandikwa kwa milimita. Lenzi laini nyingi zinaangukia kati ya 8.3 na 9.0. Watu wengi wanaisoma kinyume, wakidhani namba kubwa ndiyo iliyobana. Ni hivi: 8.4 imejikunja zaidi, kama kibakuli, na 8.8 imefunguka, inaelekea sahani. DIA ni upana wa lenzi kutoka ukingo hadi ukingo. Lenzi laini huwa na milimita 14 hivi, kwa sababu konea ya mtu mzima ina upana wa karibu 11.5 hadi 12 na lenzi inatakiwa kuivuka pande zote na kupumzika juu ya weupe wa jicho.

Namba hizi mbili zinafanya kazi pamoja. Chukua lenzi ya BC 8.6, iache BC hiyohiyo, ongeza upana kutoka 14.0 hadi 14.5: sasa inabana zaidi, ingawa 8.6 haijabadilika. Na hata lenzi mbili za viwanda tofauti zenye BC na DIA sawasawa zinaweza kukaa tofauti kwenye jicho moja, maana malighafi ni nyingine na kingo zimechongwa kivingine. Ndiyo maana tunapima mbinuko wa konea kwa mashine na upana wake kwa rula, halafu bado tunakuvalisha lenzi ya majaribio, tunakuacha ukae, kisha tunaangalia kwenye hadubini ya jicho.

Tunachokitafuta hapo ni mwendo. Kila ukipepesa, lenzi laini inatakiwa kusogea kidogo, chini ya nusu milimita, na kurudi katikati. Mwendo huo ndio unaoingiza machozi mapya chini ya lenzi na kutoa uchafu.

Mbona karatasi yangu ya miwani haina hizo namba? Walinificha?

Hakuna aliyekuficha. Fremu inashikwa na pua na masikio, haigusi konea, kwa hiyo mpimaji hakuwa na sababu ya kuipima. Karatasi ya miwani ina umbali kati ya mboni zako mbili, jambo ambalo lenzi haina shida nalo. Hizo ni karatasi mbili, na ya pili inaandikwa baada ya lenzi kujaribiwa ndani ya jicho lako.

Nimevaa, haiumi hata kidogo. Si ndiyo imenikaa?

Siyo. Na hili ndilo ninaloomba watu waliache, maana nalisikia karibu kila anayeletwa na jicho jekundu.

Lenzi iliyolegea ndiyo inayosumbua mapema. Unaihisi kwenye kope, inateleza, wakati mwingine inachomoka ukiangalia pembeni. Lenzi inayobana, siku ya kwanza, ni tamu. Haisogei, kwa hiyo huihisi. Unajisifu umepata saizi yako, kumbe imejibandika.

Alikuja mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Ilemela. Miwani yake ni hiyohiyo ya -7.00. Aliagiza lenzi kwa njia ya simu akitumia -7.00 ya karatasi ya miwani, na BC 8.4, DIA 14.5 kwa sababu ndizo zilizokuwepo dukani. Wiki ya kwanza hakuwa na malalamiko. Baadaye macho yakawa mekundu kila jioni na kuanza kuona ukungu, ila akipepesa tu ukungu unaondoka, kisha unarudi. Kwenye hadubini lenzi ilikuwa imetulia tuli. Nilisukuma ukingo wake kwa kutumia kope ya chini, ikasogea kwa kusitasita. Alipoitoa, ilibaki alama ya duara juu ya weupe wa jicho, na mishipa midogo kuzunguka konea ilikuwa imevimba. Konea haina mishipa ya damu katikati, hewa yake inaipata kutoka nje kupitia machozi. Yake ilikuwa imefungiwa.

Tulimwambia avae miwani mpaka macho yatulie, kisha tukaanza upya. Konea yake ilikuwa imelala zaidi kuliko za wengi, na ndogo kidogo kwa upana. Alimaliza na -6.50, BC 8.8, DIA 14.0. Nguvu, mbinuko, upana: hakuna namba hata moja iliyobaki kati ya zile alizoagiza.

Dalili ya nyumbani ni hii: ukungu unaosafika ukipepesa, halafu ukarudi, mara nyingi lenzi inabana. Ukungu unaokuja pale unapopepesa, halafu ukatulia, mara nyingi imelegea. Lakini kutokuumia siyo kipimo. Narudia: kutokuumia siyo kipimo.

Karatasi yangu ina CYL na AXIS. Navyo vinahamia kwenye lenzi?

CYL ni nguvu ya kurekebisha jicho lisilobinuka sawasawa pande zote, na AXIS ni mwelekeo wake. CYL ndogo, chini ya 0.75, mara nyingi inaachwa na nguvu nyingine inarekebishwa kidogo. Ikiwa kubwa unahitaji lenzi maalumu isiyozunguka jichoni, na hiyo kuibahatisha dukani ni kutupa hela.

Zangu ni za rangi tu, za sendofu. Zimeandikwa 0.00. Nazo zinahitaji kupimwa?

Zinahitaji. 0.00 ni PWR. BC ipo palepale, DIA ipo palepale, na lenzi hizi za urembo mara nyingi ni pana ili jicho lionekane kubwa. Konea haijui kwamba umevaa kwa ajili ya picha. Anayekuuzia pamoja na wanja na kope za bandia hajawahi kuangalia jicho lako, na kasha lenyewe wakati mwingine BC haikuandikwa kabisa.

Halafu kuna kuazimana. Bibi harusi anavaa Jumamosi, mdogo wake anavaa Jumapili. Dada zangu, hilo hapana. Hata mkiwa pacha, hapana.

Dawa ya lenzi imeniishia. Nisuuze kwa maji ya bomba, au ya kuchemsha?

Wala ya bomba, wala ya kisima, wala ya ziwa, wala ya kuchemsha, wala mate. Lenzi laini inanyonya kile unachoiwekea. Ukiiweka kwenye maji ya kawaida inavimba, inabadilika umbo na kunata kwenye jicho, kwa hiyo hata ile BC tuliyokupimia inakuwa haipo tena. Na kwenye maji ya ziwa, ya kisima na ya bomba mna kijidudu kiitwacho akantamiba, ambacho kikiingia kwenye konea matibabu yake ni ya miezi. Unaenda kuogelea ziwani? Vua kwanza. Umeishiwa dawa? Vaa miwani. Kila mvaa lenzi lazima awe na miwani inayofanya kazi.

Jicho limekuwa jekundu tangu jana na linauma. Niliangalie mpaka Jumatatu?

Usisubiri. Toa lenzi sasa hivi, nenda hospitali yenye kliniki ya macho leo. Bugando au Sekou Toure, leo. Jicho la mvaa lenzi likiuma, likiogopa mwanga, au ukiona kidoa cheupe kwenye konea, lichukulie kuwa ni kidonda mpaka mtu aangalie kwa hadubini aseme siyo. Wapo bakteria wanaoweza kuila konea ndani ya siku mbili. Ukisubiri Jumatatu unaweza kubaki na kovu, na kovu likiwa katikati, miwani hailirekebishi.

Kinachoniudhi zaidi ni matone ya duka la dawa. Mtu anaeleza "jicho jekundu", anapewa matone mchanganyiko yenye steroidi ndani, dawa inayotuliza uvimbe bila kuua kijidudu. Wekundu unapungua, maumivu yanapungua, anaendelea na kazi, na kidonda kinaendelea na kazi pia. Usitumie matone aliyopewa jirani. Usitumie yaliyobaki mwaka jana. Usirudishe lenzi ndani eti limepoa. Nenda leo.

Mimi niko Ukerewe na kivuko kimeshaondoka. Nifanyeje?

Nenda hospitali ya wilaya pale Nansio jioni hiyohiyo, na neno la kwanza kutoka mdomoni mwako liwe "navaa lenzi", maana hilo linabadilisha matibabu. Waambie pia wasikupe chochote chenye steroidi. Wataanza antibiotiki ya matone na kukupa rufaa, uvuke asubuhi. Lenzi ulizotoa usizitupe wala usizisuuze: zirudishe kwenye kikopo chake na dawa iliyobaki, funga, uje nazo pamoja na kasha lenye BC na DIA. Kidudu tusipokipata kwenye jicho, mara nyingine tunakipata kwenye kikopo.